Kila Dola Huandikwa Mara Mbili: Namna Urari wa Malipo Unavyohesabiwa

Urari wa malipo ni hesabu ya miamala yote iliyofanyika kati ya wakazi wa nchi moja na watu wa nje katika kipindi fulani, kwa kawaida robo mwaka au mwaka mzima. Nchini Tanzania hesabu hiyo huandaliwa na Benki Kuu, na Kenya huchapishwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na Benki Kuu ya Kenya. Kanuni zake hutoka katika mwongozo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1948 na kufanyiwa marekebisho mara kadhaa. Toleo la sita, la mwaka 2009, ndilo lililoongoza takwimu za nchi nyingi katika miaka ya karibuni.

Jambo la kwanza ambalo mwandaaji wa hesabu hii hulipima si uraia wa mtu bali ukazi wake. Mkazi ni yule ambaye shughuli zake za kiuchumi zina makao ndani ya nchi, na kipimo kinachotumika ni mwaka mmoja au zaidi. Mgodi uliosajiliwa na kufanya kazi Geita ni mkazi wa Tanzania hata kama hisa zake zote ziko mikononi mwa wageni. Mtanzania aliyehamia Maskati na kufanya kazi huko kwa miaka mitano ni mkazi wa Omani. Mwanafunzi ni tofauti: akisoma ng'ambo miaka minne, bado huhesabiwa kuwa mkazi wa kwao, na ada yake huingia kama huduma ambayo nchi yake imeinunua nje. Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iko Arusha mjini, lakini kwa hesabu hii si mkazi wa Tanzania, kwa sababu mashirika ya kimataifa hayahesabiwi kuwa mali ya nchi yoyote. Kwa hiyo mshahara ambao Mtanzania mkazi wa Arusha anaupokea kutoka sekretarieti hiyo ni mapato kutoka nje, ingawa anakwenda kazini kwa daladala.

Baada ya kujua muamala ni wa mkazi na asiye mkazi, kinachofuata ni kuuandika mara mbili. Hakuna kitu kinachotoka bila kingine kuingia: korosho zikitoka, fedha au deni la mnunuzi huingia, mtambo ukiingia, fedha hutoka au deni huzaliwa. Upande mmoja huandikwa krediti, upande wa pili debiti, kwa thamani ileile. Krediti hupewa bidhaa na huduma zilizouzwa nje, mapato na misaada iliyopokewa, kuongezeka kwa madeni ya nchi kwa wageni, na kupungua kwa mali ambazo nchi inazo nje. Debiti ni kinyume chake: manunuzi kutoka nje, mapato waliyolipwa wageni, kuongezeka kwa mali zilizoko nje, na kupungua kwa madeni. Wengi hujikwaa kwenye mali, kwa sababu hapo kuongezeka kwa akiba ya dola ni debiti. Debiti si hasara wala krediti si faida. Ni pande mbili za kitendo kimoja.

Miamala hiyo hugawanywa katika akaunti tatu. Akaunti ya malipo ya kawaida hubeba bidhaa, huduma, mapato yatokanayo na kazi na mitaji, na uhamisho wa kawaida kama fedha zinazotumwa na jamaa. Akaunti ya mtaji hubeba hasa misaada ya kujenga au kununua mali za kudumu, na misamaha ya madeni. Akaunti ya fedha hubeba mali na madeni yenyewe: uwekezaji wa moja kwa moja, hatifungani na hisa, mikopo, amana za benki, na akiba ya fedha za kigeni ya Benki Kuu. Njia nyepesi ya kuuelewa mgawanyo huu ni kufuata miamala michache ya mfano, kana kwamba ndiyo yote iliyofanyika Tanzania katika robo mwaka moja.

Korosho ghafi zilizokusanywa Newala na Tandahimba zinapakiwa bandarini Mtwara kwenda Tuticorin, India, kwa dola 40,000. Bidhaa zimetoka, kwa hiyo akaunti ya malipo ya kawaida inapata krediti ya 40,000 katika mstari wa bidhaa. Upande wa pili unahitaji kuangaliwa kwa makini. Msafirishaji huona dola zimeingia katika akaunti yake jijini Dar es Salaam, na kwa mazungumzo ya kila siku husemwa fedha zimeingia nchini. Kimsingi dola hizo hazikusafiri kokote. Ziliongezeka katika akaunti ambayo benki yake ya Dar es Salaam inayo katika benki ya New York, na ndiyo hiyo mali mpya ya nchi iliyoko nje. Hivyo akaunti ya fedha inapata debiti ya 40,000: amana za benki za ndani zilizoko nje zimeongezeka.

Katika robo hiyo hiyo, kiwanda kimoja kinaagiza mtambo kutoka China wenye thamani ya dola 45,000, na muuzaji anakubali kulipwa baada ya siku 90. Mtambo umefika, forodha imeuona, hivyo bidhaa zinapata debiti ya 45,000. Hakuna senti iliyolipwa, lakini kitabu hakiachi upande wa pili wazi: deni la biashara kwa mgeni limezaliwa, nayo akaunti ya fedha inapata krediti ya 45,000. Kanuni hapa ni kwamba muamala huandikwa pale umiliki unapobadilika, si pale fedha zinapolipwa. Siku 90 zikitimia na deni likalipwa, akaunti ya malipo ya kawaida haitaguswa tena. Kutakuwa na debiti ya kufuta deni na krediti ya kupungua kwa amana, zote mbili ndani ya akaunti ya fedha.

Kutoka Maskati, ndugu wanatuma Pemba jumla ya dola 1,000 za matumizi ya nyumbani. Amana za nje zimeongezeka, debiti 1,000. Hapa kuna ugumu kidogo, kwa sababu waliopokea hawakutoa chochote. Kwa ajili ya miamala ya namna hii ndipo ukawekwa mstari wa uhamisho, ambao wahasibu wa IMF huuita mapato ya pili, ili zawadi iwe na mwenzake katika kitabu: krediti 1,000. Kama mtumaji angekuwa amekwenda Omani kwa kibarua cha miezi minne tu, angebaki mkazi wa Tanzania, na mshahara wake wote ungeandikwa katika mapato ya msingi, yaani malipo ya kazi, pamoja na matumizi yake ya huko kama manunuzi ya nje. Fedha ni zilezile, mtu ni yuleyule. Urefu wa kukaa ndio unaohamisha mstari.

Muamala wa nne ndio unaowashangaza wengi. Mgodi unaomilikiwa na kampuni ya nje unapata faida ya dola 20,000. Unalipa gawio la dola 8,000 kwa mmiliki wake, na dola 12,000 zinabaki kununulia mashine na kuchimba zaidi. Kitabu hakiandiki 8,000 peke yake. Faida yote ni ya mmiliki, na mmiliki ni mgeni, kwa hiyo mapato ya msingi yanapata debiti ya 20,000 nzima. Kisha huchukuliwa kana kwamba mmiliki amelipwa zote na papo hapo amerudisha 12,000 kama uwekezaji mpya. Akaunti ya fedha inapata krediti ya 8,000 kwa amana zilizopungua, na krediti ya 12,000 ya uwekezaji wa moja kwa moja. Asomaye kwenye taarifa kwamba uwekezaji kutoka nje umefikia kiasi fulani ajue kwamba sehemu yake ni faida iliyozaliwa hapahapa ikabakishwa. Na nchi yenye makampuni mengi ya kigeni yanayopata faida itaonyesha nakisi kubwa zaidi katika malipo ya kawaida, hata kama makampuni hayo hayajatoa dola hata moja.

Kisha nchi rafiki inatoa mashine za eksrei zenye thamani ya dola 10,000 kwa hospitali ya serikali, bure. Zimepita forodha kama bidhaa nyingine yoyote, hivyo bidhaa zinapata debiti ya 10,000. Mwenzake ni msaada, lakini si msaada wa kula na kumaliza. Umetolewa kwa sharti la kuwa mali ya kudumu, kwa hiyo krediti ya 10,000 inaingia katika akaunti ya mtaji. Kama ungekuwa mchele wa kuwasaidia waliokumbwa na mafuriko, krediti ingekwenda katika mapato ya pili. Akaunti ya mtaji kwa kawaida huwa ndogo, lakini huweza kuruka ghafla mwaka wa msamaha wa madeni. Januari 2006 IMF ilizifutia madeni nchi 19 zenye kipato cha chini, Tanzania ikiwamo. Kitabuni, deni lililopungua ni debiti katika akaunti ya fedha, na msamaha wenyewe ni krediti katika akaunti ya mtaji. Hakuna fedha iliyoingia siku hiyo.

Mwisho, Serikali inapokea dola 25,000 za mkopo kutoka Benki ya Dunia, nazo zinawekwa katika akiba ya fedha za kigeni ya Benki Kuu. Deni limeongezeka, krediti 25,000; akiba imeongezeka, debiti 25,000. Zote ziko katika akaunti ya fedha. Akiba imepanda, malipo ya kawaida hayakusogea hata kidogo.

Sasa hesabu inajumlishwa. Bidhaa: 40,000 za korosho, toa 45,000 za mtambo, toa 10,000 za mashine za eksrei, inabaki nakisi ya 15,000. Mapato ya msingi ni nakisi ya 20,000 na ya pili ni ziada ya 1,000. Akaunti ya malipo ya kawaida ina nakisi ya 34,000. Akaunti ya mtaji ina ziada ya 10,000. Zikiunganishwa, nchi imepungukiwa kwa dola 24,000. Upande wa akaunti ya fedha, amana za nje zilipanda kwa 40,000 na 1,000, zikashuka kwa 8,000, hivyo zimeongezeka 33,000; akiba ya Benki Kuu imeongezeka 25,000. Mali zote mpya ni 58,000. Madeni mapya kwa wageni ni 45,000 ya mtambo, 12,000 ya mgodi na 25,000 ya Benki ya Dunia, jumla 82,000. Toa 82,000 katika 58,000, jibu ni nakisi ya 24,000, ileile.

Kulingana huku hakutokani na bahati wala na sera nzuri. Kumetokana na kuandika mara mbili tu, na nchi iliyo hoi hulinganisha vitabu vyake sawasawa na nchi iliyoneemeka. Ndiyo maana kusema kwamba urari wa malipo una nakisi, bila kutaja akaunti, hakumweleweshi msomaji. Chenye maana ni mistari iliyoziba pengo. Katika mfano huu akiba ya Benki Kuu ilipanda katika robo yenye nakisi, kwa sababu pengo lilizibwa na msaada, mkopo wa muda mrefu, faida iliyobakishwa na deni la siku 90. Hilo la mwisho ndilo la kuangaliwa kwanza, kwani katika robo inayofuata litataka dola 45,000 taslimu. Faida iliyobakishwa haina tarehe ya kulipwa.

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaonyesha jambo hilohilo kwa ukubwa. Mabomba na mitambo yakishushwa bandarini huongeza manunuzi ya bidhaa na kupanua nakisi ya malipo ya kawaida. Lakini pale yaliponunuliwa kwa mtaji wa wenye hisa wa nje, krediti yake iko katika uwekezaji wa moja kwa moja, na Benki Kuu haikutoa dola kuyalipia. Anayeitazama nakisi hiyo peke yake atadhani nchi inakula kuliko inavyozalisha.

Mikopo nayo ina mtego wake: mtaji na riba haviandikwi mahali pamoja. Mwezi Juni 2014 Kenya iliuza hatifungani katika soko la kimataifa kwa dola bilioni 2, na kati ya hizo bilioni 1.5 zilikuwa za miaka 10 kwa riba ya asilimia 6.875. Mtaji uliingia katika akaunti ya fedha: deni kwa wageni krediti, mali za nje debiti. Malipo ya kawaida hayakuonyesha kitu mwaka huo kwa sababu ya mkopo wenyewe. Riba ndiyo iliyoanza kuonekana huko, katika mapato ya msingi, kiasi cha dola milioni 103 kila mwaka kwa zile bilioni 1.5. Februari 2024, miezi michache kabla ya hatifungani hiyo kuiva, Kenya iliuza nyingine ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, na ikatumia fedha hizo kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani. Katika akaunti ya fedha miamala hiyo miwili karibu inafutana: deni jipya krediti, deni la zamani debiti. Mtu angeweza kusema hakuna kilichobadilika. Lakini riba ya bilioni 1.5 kwa asilimia 9.75 ni zaidi ya dola milioni 146 kwa mwaka, na ongezeko la milioni 43 hutokea katika malipo ya kawaida mwaka baada ya mwaka. Mkopo huingia kwa mlango mmoja na gharama yake hutokea kwa mwingine, tena baadaye.

Hadi hapa imedhaniwa kwamba kila muamala umeonekana pande zote mbili. Katika ofisi ya takwimu hali haiko hivyo. Hakuna mtu mmoja anayeona korosho na dola zake kwa pamoja. Thamani ya bidhaa hutoka forodha, yaani Mamlaka ya Mapato. Amana hutoka katika ripoti za mabenki. Mikopo ya Serikali hutoka Wizara ya Fedha. Faida za makampuni ya kigeni hutoka katika dodoso wanazojaza wenyewe. Mapato ya utalii hukadiriwa kwa kuwahoji wageni wanapoondoka. Kila chanzo huleta upande mmoja, na pande hizo zikikutanishwa hazilingani. Tofauti huwekwa katika mstari wa makosa na mapengo, ili jumla irudi sawa.

Mstari huo una mengi ya kusema. Tuseme zile korosho za 40,000 ziliandikishwa forodha kwa dola 25,000 ili kupunguza ushuru, lakini mnunuzi akalipa 40,000 benki. Akaunti ya fedha bado inasoma nakisi ya 24,000, maana mabenki yameripoti kila kitu. Malipo ya kawaida na mtaji sasa yanasoma nakisi ya 39,000. Pengo ni dola 15,000 za ziada: fedha zimeonekana, bidhaa hazikuonekana. Pengo likielemea upande huo kwa miaka mfululizo, mwandaaji hushuku mauzo ya nje yasiyoandikishwa, biashara ya mipakani, au fedha za jamaa zinazopita mikononi. Likielemea upande mwingine kila mara, hushuku mitaji inayotoroka au manunuzi ya nje yasiyoandikishwa. Likiwa linarukaruka huku na huku, mara nyingi ni suala la muda: mzigo wa Juni uliolipwa Julai.

Pengo dogo, hata hivyo, si uthibitisho wa takwimu safi. Dhahabu ikivushwa kwa magendo na fedha zake zikabaki Dubai, upande wa bidhaa haukuandikwa na upande wa mali za nje haukuandikwa pia. Makosa mawili yanayolingana yamefutana, na mstari wa makosa hausemi lolote. Njia inayobaki ni kulinganisha na vitabu vya upande wa pili: kile ambacho nchi inayopokea imeandika kuwa imenunua kutoka Tanzania, dhidi ya kile ambacho Tanzania imeandika kuwa imeuza huko. Ulinganisho wenyewe unahitaji uangalifu. Manunuzi huandikishwa forodha pamoja na nauli na bima, wakati mauzo huandikwa kwa bei ya bandari ya kutokea. Ndiyo maana mwongozo wa IMF unaagiza nauli na bima zitolewe katika bidhaa, na zikiwa zimelipwa kwa wageni ziwekwe katika huduma.

Anayesoma taarifa za miaka tofauti akumbuke pia kwamba alama zimebadilika. Kabla ya mwongozo wa 1993, kile kinachoitwa leo akaunti ya fedha kiliitwa akaunti ya mtaji, kwa hiyo ziada kubwa ya mtaji katika kitabu cha miaka ya 1980 ina maana ya mikopo na uwekezaji, si misaada. Hadi mwongozo wa 2009, akaunti tatu na mstari wa makosa vilijumlishwa kuwa sifuri, na nchi yenye nakisi ilionyesha akaunti ya fedha yenye alama ya kujumlisha. Tangu hapo akaunti ya fedha huandikwa mali ukitoa madeni, kama ilivyofanywa katika mfano wa juu, na nchi hiyohiyo huonyesha alama ya kutoa. Ukweli haukubadilika, ila alama imegeuka.

Kuna badiliko moja la akiba ambalo halimo kabisa katika urari wa malipo. Benki Kuu ya Tanzania imekuwa ikinunua dhahabu kutoka kwa wachimbaji na wafanyabiashara wa ndani. Muuzaji ni mkazi, mnunuzi ni mkazi, kwa hiyo hakuna muamala na mgeni. Dhahabu ile inapogeuzwa kuwa sehemu ya akiba ya taifa, mwongozo unalihesabu hilo kuwa ni kubadilisha jina la mali, na huliweka katika taarifa nyingine, ile ya mali na madeni ya nchi kwa nje, pamoja na mabadiliko yanayoletwa na bei ya dhahabu sokoni. Kwa hiyo akiba inaweza kupanda kwa kiasi ambacho hakionekani katika mstari wowote wa akaunti ya fedha, huku mauzo ya dhahabu nje yakiwa pungufu kwa kiasi kilichobaki nyumbani, na nakisi ya malipo ya kawaida ikiwa kubwa kuliko ambavyo ingekuwa dhahabu hiyo ingesafirishwa.